Naomba ushauri: wateja wa majiko banifu wanaacha kulipa baada ya awamu ya pili

Ndugu wanajamvi, ninauza majiko banifu ya mkaa hapa Mbagala kwa shilingi 35,000, ambapo mteja hutanguliza 10,000 na kumalizia 5,000 kila wiki kwa wiki tano.

Maonyesho hayanipi shida. Ninapima mkaa sawa kwa jiko langu na la bati, ninabandika maharage kiasi kilekile, na akina mama hujionea wenyewe mkaa unaobaki yanapoiva.

Tatizo huanza baadaye. Wengi hununua mkaa kwa kopo, siku kwa siku, hivyo akiba ya jiko huishia kwenye mboga kabla ya siku ya marejesho. Wengine husimamisha malipo kwa sababu udongo wa ndani umepasuka, na nilipofuatilia niligundua kuwa walizima mkaa kwa kuumwagia maji ukiwa bado jikoni.

Je, nikusanye shilingi 700 kila siku kupitia muuza mkaa wa mtaa kwa kamisheni, au nipitie kikoba kinachodhamini wanachama wake? Na jiko likipasuka kabla deni halijaisha, gharama ya kubadilisha udongo aibebe nani?