Tangi limefungwa, geji inasoma 4 bar: kwenye hesabu naweka 400 au 501?

Nuru_K: Habari wakuu. Niko mwaka wa kwanza. Tangi la hewa la lita 50 limefungwa, joto nyuzi 27 za sentigredi, geji inasoma 4 bar. Tunaulizwa ndani mna kilo ngapi za hewa. Nimetumia 400 kPa nikapata 0.232. Mwenzangu kajumlisha presha ya hewa ya nje, kapata 0.291. Nani kapatia?

Baruti: Mwenzako. Siku zote jumlisha 101 kwenye namba ya geji, basi.

Mama_Boila: Nuru, fungua valvu uache hewa itoke mpaka mshale urudi 0. Mle ndani kumebaki nini? Lita 50 za hewa kama ya chumbani, karibu kilo 0.059. Sasa toa 0.232 kwenye 0.291. Tofauti ndiyo hiyo hiyo! Ni hewa uliyoisahau. Geji inaonyesha tu presha iliyozidi ya nje, lakini PV = mRT inahesabu hewa yote iliyomo, kwa hiyo inataka presha kamili:

```
m = 501 × 0.05 / (0.287 × 300) = 0.291 kg
```

Baruti, hiyo "siku zote" siikubali. Ukiulizwa nguvu inayotaka kuung'oa mfuniko wa tangi, hewa ya nje nayo inausukuma kutoka upande wa pili, basi unabaki na 400. Na 101 ni ya usawa wa bahari. Ukiwa mwinuko wa mita 1500 inashuka hadi kama 84.

Baruti: La mfuniko nimekubali. Ila mtihani usipotaja mwinuko, mimi naandika 101.

Juma_mitambo: Mimi yalinikuta maabara. Geji ilikuwa na mistari miwili, psi nje, bar ndani. Nikasoma 58 ya psi, nikajumlisha 101, nikaandika 159 kPa. Nilikatwa alama zote.

Mama_Boila: Pole, Juma. Ulijumlisha psi na kPa. Badilisha kwanza: 58 × 6.895 ni 400, ndipo ujumlishe 101. Au baki kwenye psi, 58 + 14.7 ni 72.7, halafu zidisha mara moja mwishoni. Kosa lile ungeligundua kwa kutazama mstari wa bar: mshale uko kwenye 4, yaani 400 kPa hata kabla ya kujumlisha. Presha kamili itakuwaje 159?

Sele77: Geji ya tangi letu inasoma -0.3 bar. Si imekufa hiyo? Presha haiwezi kuwa hasi.

Mama_Boila: Presha kamili ndiyo haiwezi. Ya geji inaweza, maana yake ndani ni 101 − 30, yaani 71 kPa. Tangi lililofungwa likiwa na mvuke wa moto kisha likapoa hufika huko. Fungua valvu, hewa iingie. Mshale ukirudi 0, geji ni nzima.

Sele77: Valvu imekwama.

Nuru_K: Asante Mama. Na swali letu halitaji mwinuko. Niandike 101 kama Baruti, au nieleze kwanza kwamba nimechukulia usawa wa bahari?