Rejista ya Washington, Brussels au London: ipi inaonesha nani hasa anaisemea kampuni serikalini?

Mwenge_Mjasiri:
Wakuu habari za jioni. Nipo Dar, kiofisi chetu kidogo kinatafutia soko madini ya kinywe, sasa kuna kampuni ya Marekani yenye matawi Brussels na London inataka mkataba wa miaka mitatu na bosi kanipa mpaka Ijumaa nimwambie hii kampuni inasukuma sera gani huko kwao, inamtuma nani kwa wabunge na imechangia chama gani, maana isije ikawa inaomba kinywe cha nje kiwekewe ushuru huku inatusainisha sisi. Nimeona kuna rejista tatu nne za washawishi, yaani watu wanaoisemea kampuni kwa watunga sera, na siku ni mbili, nianze na ipi?

Upanga_Mtafiti:
Anza Washington kijana wangu, hata usijiulize. Nimefanya kazi hii miaka mingi na ile ndiyo inayokupa majina ya watu, hela, na mada kwa pamoja, tena kila robo mwaka. Fomu ya ripoti ya ushawishi inaitwa LD-2, ziko kwenye mtandao wa Seneti bure, unatafuta kwa jina la mteja. Ukiifungua usikimbilie hela ya juu, shuka mpaka pale wanapoandika mada. Kuna msimbo wa herufi tatu kama TRD kwa biashara au TAX kwa kodi za serikali, huo hautoshi, chini yake kuna maelezo ya kawaida kabisa na huko ndiko wanakotaja muswada kwa namba. Ushuru wa kinywe ukiwepo utauona hapo. Kipengele cha 18 ni majina ya washawishi, na pembeni ya jina wanatakiwa waandike kama mtu aliwahi kushika cheo bungeni au serikalini. Hapo unajua kampuni imenunua mlango wa nani.

Brussels, yaani Umoja wa Ulaya, wao wanatoa matumizi kwa mwaka na kwa mafungu tu, mfano yuro 100,000 mpaka 199,999, kwahiyo huwezi kujua kama walipandisha mwezi ule muswada ulipokuwa moto. Ila kuna kitu kimoja wanawazidi Wamarekani, mikutano na makamishna na maofisa wao wa karibu inachapishwa kwa tarehe na mada, na Marekani hiyo hupati, fomu inasema tu walienda bunge lipi au wizara gani.

Kijitonyama_Data:
Kwa michango usihangaike, ingia FEC, tume ya uchaguzi ya Marekani, andika jina la kampuni kwenye sehemu ya mwajiri inakumwagia yote kampuni iliyochangia. Mi nilifanya hivyo nikapata orodha ndefu ajabu.

Upanga_Mtafiti:
Hapo upo nusu njia Kijitonyama. Ile orodha ni ya wafanyakazi, kila mmoja katoa mfukoni kwake, mhasibu wa kawaida tu katoa dola 250 kwa mgombea anayempenda na sheria ikamtaka ataje anafanya kazi wapi. Kampuni yenyewe hairuhusiwi kumpa mgombea wa kitaifa hela moja kwa moja. Inachoweza ni kuwa na mfuko wake wa siasa, PAC, unaochangiwa na wafanyakazi na wanahisa, huo ndio unautafuta kwa jina lake. Au inatoa kwa makundi yanayofanya kampeni pembeni ya mgombea, hayo tangu 2010 yanapokea hela za kampuni bila kikomo. Ukimpelekea bosi ile orodha ya waajiriwa ukaiita michango ya kampuni utakuwa umesema uongo bila kukusudia.

Kijitonyama_Data:
Daah, asante mzee, hilo sikulijua. Ila mi bado naona michango ya mabosi wakubwa, mkurugenzi na wenzake, inaashiria kitu.

Upanga_Mtafiti:
Inaashiria, hilo nakubali, wakitoa wote wiki moja kwa mgombea mmoja ni dalili. Iandike kama dalili.

Mama_Kariakoo2:
Samahanini wapendwa, hiyo rejista inaonesha mawakala pia? Mwaka juzi kuna kijana alijitambulisha ni mwakilishi wa kampuni ya nje, ana barua na muhuri, tukampa malipo ya awali ya mzigo mpaka leo simu haipatikani. Ningejua kuna pa kuhakiki wawakilishi waliotangazwa ningepona.

Mwenge_Mjasiri:
Pole sana mama yangu, inauma.

Upanga_Mtafiti:
Pole sana dada. Hizi hazingekusaidia, zinaandika wanaoisemea kampuni kwa watunga sera. Wakala wa mauzo hayumo hata akiwa wa kweli. Kwa hilo unapiga simu makao makuu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, siyo ile iliyo kwenye barua yake.

Mwenge_Mjasiri:
Wakuu nimerudi, nimekesha nayo. Robo moja ya mwaka jana kampuni yenyewe imeandika dola 310,000, afu kuna ofisi mbili za ushawishi zimeitaja kama mteja, moja 60,000 nyingine 40,000. Kwahiyo jumla 410,000 si ndiyo? Na kuna jina lilikuwa kwenye ripoti zote za nyuma sasa halipo kipengele cha 18.

Upanga_Mtafiti:
Hapana, usijumlishe, hili kosa nimeliona hata kwenye ripoti za watu wazima. Ofisi za nje zinaandika Income, mapato kutoka kwa mteja. Kampuni inaandika Expenses, matumizi yake, na ndani yake malipo iliyozilipa zile ofisi tayari yamo. Kwahiyo jumla ni 310,000, na ukitoa 100,000 ya nje unabaki na kama 210,000 ya watu wake wa ndani pamoja na gharama nyingine, nasema kama kwa sababu kila mmoja anakadiria kwa kukaribisha kwenye elfu kumi. Angalia pia kisanduku cha njia ya kuhesabu, A au C. Akitumia C anafuata hesabu za kodi ambazo zinaingiza hata ushawishi wa kwenye majimbo, ndiyo maana usilinganishe wa A na wa C ukasema huyu anatumia zaidi.

Jina lililopotea shuka kipengele cha 23, huko wanaandika waliotarajiwa kutoendelea. Akiwepo, wamemtoa rasmi. Asipokuwepo huenda hakufanya kazi robo hiyo tu.

Tabata_Wakili:
Naongeza moja, kutoka kwenye orodha siyo kuacha kazi. Anayehesabika mshawishi ni yule anayefikisha asilimia 20 ya muda wake kwa mteja huyo ndani ya miezi mitatu na akawa na mawasiliano zaidi ya mara moja. Mtu mzito anayeshauri kwa simu ya ndani na kufungua milango anaweza asionekane kabisa.

Mwenge_Mjasiri:
Na London je? Nimetafuta kampuni kwenye rejista ya washawishi hakuna kitu.

Tabata_Wakili:
Sheria yao ya 2014 inawabana washauri wa kukodi tu wanaoongea na mawaziri au makatibu wakuu. Kampuni ikituma mfanyakazi wake haimo, kwahiyo kutoiona siyo ushahidi wa chochote. Tafuta orodha za mikutano ya mawaziri, kila wizara inachapisha zake kwa robo mwaka. Kwa michango nenda Tume ya Uchaguzi ya Uingereza, ila usitafute kwa jina la Kimarekani maana mchangiaji lazima awe kampuni iliyosajiliwa na inayofanya biashara kule, chukua namba ya usajili ya tawi lao utafute kwa hiyo. Kwa makao makuu ya chama wanaripoti mchango unaozidi pauni 11,180, chini ya hapo hutaona.

Kijitonyama_Data:
Na huku kwetu tunayo?

Tabata_Wakili:
Ya ushawishi hatuna. Tuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 na Msajili wa Vyama, lakini rejista ya kukaa Tabata ukaandika jina la kampuni ikakutolea mchango, hiyo hakuna.

Mwenge_Mjasiri:
Nimekuta kwenye mada za robo ya pili wametaja ushuru wa madini ya betri yanayotoka nje, hawajaandika wanaunga mkono au wanapinga.

Upanga_Mtafiti:
Fomu haidai upande. Tafuta barua walizoiandikia wizara ya biashara kipindi cha maoni ya umma, wakiwa wameandika, upande wao utakuwa humo. Na jina la kwanza kipengele cha 18 lilikuwa na cheo gani zamani?

Mwenge_Mjasiri:
Alikuwa msaidizi kwenye kamati ya kodi na biashara. Ngoja nitafute hizo barua.