Ada ya dola 25 ya Google Play: kadi ya mtandaoni, kadi ya ndugu, au akaunti ya kununua?

Daftari_Mpya

Ndugu wanajukwaa, nimemaliza programu yangu ya kwanza, ambayo ni daftari la mapato na matumizi, na ninataka kuiweka Google Play. Ada ya usajili ni dola 25 na hulipwa mara moja tu, lakini kadi yangu ya benki imekataliwa mara mbili. Nimebakiwa na njia tatu ambazo ningeomba mnisaidie kuzilinganisha. Ya kwanza ni kadi ya mtandaoni ninayoweza kuifungua kupitia pesa za simu. Ya pili ni kadi ya kaka yangu anayeishi nchi nyingine. Ya tatu ni mtu anayeuza akaunti iliyokwisha kusajiliwa, na yeye yuko tayari kupokea malipo kwa simu. Ni ipi yenye hatari ndogo zaidi?

Kaa_Chonjo

Kadi ya mtandaoni isahau kabisa, kwa sababu Google haizipokei. Nilijaribu na ikakataliwa papo hapo. Tumia kadi ya kaka yako, kwani mfumo unachotaka ni fedha tu na hauangalii zimetoka kwa nani.

Mwalimu_Msimbo

Ndugu Kaa_Chonjo, umegusa jambo la kweli lakini umelipanua kupita kiasi. Kadi ambazo Google inaeleza wazi kuwa haizipokei kwa ada hii ni zile zinazojazwa fedha kabla ya matumizi. Kadi nyingi za pesa za simu ni za aina hiyo hata kama zina nembo ya Visa au Mastercard, na huenda yako ilikuwa mojawapo. Ila zipo kadi za mtandaoni zilizofungamana moja kwa moja na akaunti ya benki. Hizo ni kadi za benki za kawaida, ila hazina plastiki. Kwa hiyo kabla ya kufungua kadi yoyote, muulize anayeitoa swali moja: je, fedha hutoka kwenye akaunti ya benki, au ni salio nililoliweka ndani ya kadi?

Hilo la pili siwezi kukubaliana nalo. Maelezo ya usajili yanasema kwamba unaweza kuombwa kitambulisho cha serikali na kadi, vyote vikiwa na jina lako halali, na kwamba ukitoa taarifa zisizo sahihi ada hairudishwi. Kadi ya kaka inaweza kupita leo, kisha ikaleta swali siku ya uhakiki.

Mwenye mada, kabla hatujalinganisha zaidi, tueleze kadi yako ya benki ilikataliwaje. Je, ulipata ujumbe kutoka benki?

Daftari_Mpya

Mara ya kwanza benki ilinitumia ujumbe kwamba muamala hauruhusiwi. Mara ya pili, dakika chache baadaye, sikupata ujumbe wowote. Salio lilikuwa kama dola 25 na senti chache. Jambo jingine ni kwamba kadi ina majina yangu mawili, ilhali kitambulisho kina matatu.

Mwalimu_Msimbo

Ujumbe ule wa kwanza ni habari njema, kwa kuwa unaonyesha kwamba ombi lilifika benki na benki ndiyo iliyokataa. Kizuizi cha namna hiyo huondolewa na benki yenyewe. Waombe wakufungulie malipo ya mtandaoni na pia miamala ya nje ya nchi, ukivitaja vyote viwili, kwa sababu katika benki nyingi hivyo ni vibali tofauti na mteja hufunguliwa kimoja akadhani amemaliza. Hakikisha pia kwamba namba ya simu iliyoko benki ndiyo unayoitumia sasa, maana nambari ya uthibitisho itatumwa huko, na usipoiingiza kwa wakati malipo hufa kimya.

Salio lako nalo ni dogo mno. Benki hubadilisha fedha kwa kiwango chake na huongeza makato, na katika baadhi ya nchi kodi huongezwa juu ya ada, kwa hiyo acha nafasi ya dola kadhaa.

Jaribio la pili usilirudie harakaharaka. Mtu anayebonyeza mara sita kwa kadi tatu tofauti anafanana na mwizi wa kadi, na mfumo unaweza kumfungia wasifu wake wa malipo. Benki ikishakufungulia, subiri hadi kesho yake, kisha ujaribu mara moja.

Mama_Vifurushi

Mimi tatizo langu lilikuwa fedha za mauzo kutofika benki. Nilisubiri miezi miwili. Je, kadi hii ndiyo itakayotumika kupokea mapato?

Mwalimu_Msimbo

Hapana, dada. Kadi hii ni ya kulipia ada tu, na mapato yana mipangilio yake tofauti. Tafadhali fungua mada yake, kwani inastahili kujadiliwa peke yake.

Aliyeungua

Kuhusu akaunti ya kununua, ninaomba unisikilize kwa makini. Nilinunua moja. Kwa miezi minne ilifanya kazi vizuri, kisha ukaja uhakiki wa utambulisho ukidai kitambulisho cha aliyeisajili. Muuzaji hakupatikana tena na akaunti ikafungwa. Nilipofungua akaunti yangu mwenyewe sikuweza kupakia programu ileile, kwa sababu jina la kifurushi likishatumika Google Play haliwezi kutumika kupakia programu upya kwenye akaunti nyingine. Ilinibidi nibadilishe mstari huu:

```
applicationId "com.mfano.daftari2"
```

Kwa simu za watumiaji hiyo ilikuwa programu mpya kabisa. Wale wote waliokuwa nayo hawakupata toleo jipya, na sikuwa na njia ya kuwafikia.

Kaa_Chonjo

Pole sana. Hiyo ya kununua hata mimi simshauri mtu. Lakini bado nasisitiza kwamba kadi ya ndugu imewapitia watu wengi ninaowafahamu.

Mwalimu_Msimbo

Sikatai kwamba imewapitia. Ninachosema ni kwamba ukiulizwa kadi yenye jina lako hutakuwa na cha kuonyesha. Mimi ningeiweka nyuma ya kadi ya benki na nyuma ya kadi ya mtandaoni iliyofungamana na benki. Anayelazimika kuitumia aandike jina lake na nchi yake mwenyewe kwenye wasifu wa malipo, wala asiazime nchi ya kaka ili kadi ikubalike, kwani nchi ya wasifu haibadilishwi. Ukikosea, unaunda wasifu mwingine.

Mpangaji

Niongeze kosa linalowapata wengi hata baada ya malipo kukubaliwa. Kuanzia tarehe 13 Novemba 2023, akaunti mpya za `Personal` zinatakiwa kufanya majaribio ya `Closed testing` kabla ya programu kutolewa kwa umma. Mwanzoni walitakiwa wajaribu 20, na tangu Desemba 2024 ni 12, ambao wanatakiwa kubaki wamejiunga kwa siku 14 mfululizo. Baadhi ya watu huchagua `Organization` ili kulikwepa sharti hilo, kisha wanakuta wanadaiwa namba ya D-U-N-S, inayotolewa kwa taasisi. Namba hiyo ni ya bure, lakini inaweza kuchukua hadi siku 30, na asiye na biashara iliyosajiliwa huenda asiipate. Daftari_Mpya, kama huna kampuni, chagua `Personal` na uanze kuwatafuta wajaribu leo, wakiwa zaidi ya 12, kwani wapo watakaojitoa katikati.

Daftari_Mpya

Nashukuru sana, ndugu zangu. Benki walinifungulia vibali vyote viwili juzi, na kumbe namba ya simu waliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani. Jana nimelipa kwa jaribio moja. Kwenye wasifu wa malipo nimeandika majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, ingawa kadi ina mawili. Uhakiki bado haujakamilika. Je, tofauti hiyo ya jina la kati inaweza kunikwamisha?

Mwalimu_Msimbo

Umefanya vyema kufuata kitambulisho. Nimeona waliopita wakiwa na tofauti kama yako, na nimeona mmoja aliyeombwa hati ya benki ya kuthibitisha jina, basi iweke hati hiyo karibu. Barua pepe ya risiti usiifute. Siku ukitaka kuhamishia programu kwenye akaunti nyingine, utaombwa nambari ya muamala iliyomo humo.

Kaa_Chonjo

Utuambie uhakiki ukijibiwa. Nami kesho nitaiuliza kampuni yangu ya simu kadi yao ni ya aina gani.