Naomba ushauri: kuraundi katikati ya hesabu

Wakuu naombeni msaada. Silinda ina nusu kipenyo sm 2.35 na kimo sm 15.2, natafuta ujazo kwa tarakimu muhimu tatu. Eneo la kitako kalkuleta inatoa 17.3494, nikiraundi hapo hapo kuwa 17.3 alafu nizidishe kwa kimo napata 262.96 yaani 263, ila nikiacha zote napata 263.71 yaani 264, na hii ya pili ndo naiamini. Hata 17.35 inanipa 264. Sasa swali likitaka na eneo lenyewe, naandika 17.3 ila naendelea na 17.3494? Na kwa mkono tarakimu moja ya ziada inatosha kweli au mbili, hasa hatua zikiwa nyingi?