Tupeane uzoefu: umeletewa barua ya "tumebadilisha akaunti ya benki", ulifanyaje?

Wakala wa Chumbageni
Wakuu habari za jioni. Nina ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini hapa Tanga, wateja 14. Mwisho wa mwezi nahamia benki nyingine, inabidi niwaandikie wote. Nimekaa na rasimu yangu, karatasi yenye nembo, namba ya akaunti mpya, muhuri, sahihi, nikaisoma mara mbili nikaona kabisa hii ndiyo barua ambayo tapeli angeiandika. Hakuna kinachoitofautisha. Waliowahi kutuma au kupokea barua hizi tupeane uzoefu.

Mgosi wa Pongwe
Mimi juzi tu nimeletewa ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Nikaitupia 15040 ya kuripoti matapeli, namba ikafungwa. Fanya hivyo hivyo.

Wakala wa Chumbageni
Asante mgosi, ila hiyo ni ya ujumbe wa simu, wanawatumia watu elfu wakimvizia mmoja anayedaiwa kweli. Mimi naongelea anayejua jina lako, mzigo wako na kiasi unachodaiwa.

Bi Makorora
Umenikumbusha mbali. Nilikuwa mhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mabati tulikuwa tunachukua kwa muuzaji mmoja wa Dar, mwaka wa pili huo, hatujawahi kukoseana. Jumanne ikaja ankara yao kwa barua pepe, 38,400,000. Alhamisi ikaja nyingine, imekaa chini ya mazungumzo yaleyale, na ankara yetu ileile imenukuliwa: akaunti yetu ya zamani iko kwenye ukaguzi, tafadhali lipeni kwenye hii. Barua imeambatanishwa, muhuri wao, sahihi ya mkurugenzi ninayoijua.

Msiseme sikupiga simu. Nilipiga. Akapokea kaka mpole, akataja jina la kampuni, akanitajia namba ya ankara kabla sijamaliza kuuliza. Ijumaa mchana nikaenda kaunta, nikajaza fomu ya TISS ya kuhamisha hela benki kwenda benki, nikarudi zangu.

Jumatatu saa tatu simu ikaita, kijana wao wa mauzo kwa namba yake ya siku zote: "Dada, mabati yameshafungwa, mbona hela haijaingia?" Nilikuwa nimeshika stepla, nabana risiti ile ile ya benki kwenye faili. Nikazitoa barua pepe zote mbili nikaziweka sambamba mezani. Kwenye jina la kampuni yao kuna herufi m. Kwenye ile ya Alhamisi haikuwa m. Ilikuwa r na n zimekaa pamoja. Na namba niliyopiga niliitoa chini ya barua hiyohiyo.

Nikakimbilia benki. Meneja akapiga simu benki iliyopokea, akaunti ikazuiwa. Kulikuwa kumebaki 1,150,000. Nyingine zote zilishahamishwa vipande vipande jioni ya Ijumaa na Jumamosi. Polisi nikapewa RB, nikaambiwa hata hicho kilichobaki hakirudi hivihivi, mpaka amri ya mahakama.

Raskazone87
Dah. Pole sana dada.

Mwenye Duka Ngamiani
Pole, lakini tuseme ukweli, huo ni uzembe wa mhasibu. Kwangu bila barua ya benki yenye muhuri wa wino hailipwi kitu. Na isitoshe benki inalinganisha jina na namba ya akaunti, jina lisipofanana hela inarudi.

Bi Makorora
Kaka yangu, muhuri wa wino ukishapigwa picha ni picha. Na kuhusu jina, kwenye fomu niliandika jina la muuzaji, akaunti ilikuwa ya mtu tusiyemjua, na hela ilipita. Usinifundishe kidonda changu.

Mwenye Duka Ngamiani
Yangu ilirudishwa kwa herufi moja tu ya jina. Kwa hiyo wanalinganisha.

Mzee wa Kaunta
Nimefanya kazi benki miaka mingi, niseme kidogo. Nyote mmesema yaliyowapata. Ukituma kwa simu, jina la mwenye akaunti mara nyingi linatokea kabla hujathibitisha, basi lisome. Fomu ya kaunta ni tofauti. Kuna benki inayopokea itakayokagua jina, na kuna itakayoangalia namba tu. Usilifanye jina kuwa ulinzi wako. Na TISS ikishafika imefika, hakuna kitufe cha kuirudisha. Kilichobaki ni kuiomba benki ya pili izuie, na hapo dakika ndizo zinazohesabiwa. Ndiyo maana matapeli wanapenda Ijumaa mchana, wanajua utashtuka Jumatatu.

Sasa wewe wa Chumbageni. Barua yako usiiandike namba ya akaunti hata kidogo. Andika kwamba unahama, tarehe ya kuhama, na kwamba namba mpya mteja ataipata kwa kukupigia yeye mwenyewe kwenye simu iliyo kwenye mkataba wenu wa zamani, au kwa kuja ofisini. Hata hiyo simu usiichape kwenye barua. Mteja aliyezoea kuitoa namba kwenye faili lake, siku tapeli akimletea barua yenye akaunti na simu ataona imekaa vibaya.

Raskazone87
Na hela ya majaribio je? Bosi wetu hutuma 10,000 kwanza.

Mzee wa Kaunta
Inasaidia kama anayekuthibitishia ni yule uliyempigia kwa namba ya zamani. Tuma kiasi kisicho cha kawaida, tuseme 17,350, usimtajie, yeye ndiye akutajie kilichoingia. Ukimuuliza aliyeandika barua, hata tapeli atakwambia imefika, maana kweli imefika kwake.

Mgosi wa Pongwe
Mimi ningefunga akaunti ya zamani siku hiyohiyo, kusiwe na mkanganyiko.

Mzee wa Kaunta
Hapana. Iache wazi miezi miwili mitatu. Ukiifunga, mteja mwaminifu aliyekawia hela yake inagonga ukuta, halafu anaanza kutafuta akaunti mpya kwa haraka. Mtu mwenye haraka ndiye anayetafutwa.

Fundi Mabawa
Bi Makorora, walijuaje ankara?

Bi Makorora
Sanduku la barua pepe la muuzaji lilikuwa limeingiliwa. Baada ya wiki tatu fundi wao akakuta kwenye mipangilio kuna agizo: kila barua yenye neno "ankara" nakala iende anwani ya nje. Walibadilisha nywila mara mbili na agizo likabaki palepale linafanya kazi. Kwa hiyo nasema mlango ulikuwa kwao, wao wanasema mkono uliolipa ni wetu. Mpaka leo hatujaelewana nani abebe.

Mwenye Duka Ngamiani
Kama mlango ulikuwa kwao, hapo nakubaliana na wewe dada. Walipe nusu.

Bi Makorora
Nusu ya nini? Walipe yote.

Wakala wa Chumbageni
Nimerudi. Rasimu ya kwanza nimeichana. Fundi amepitia barua pepe zetu, hakuna agizo la ajabu. Barua mpya haina namba. Nimeongeza pia kwamba ushuru haupiti kwangu kabisa, mteja analipa mwenyewe kwa kumbukumbu namba ya malipo ya TRA, kwangu inakuja ada ya wakala tu. Hapo peke yake nimepunguza sehemu kubwa ya hela ya kuibiwa.

Nimeanza na wateja watatu. Mmoja amepiga, na kabla sijamtajia kitu akaniuliza kontena lake la mwisho lilitoka siku gani na dereva alikuwa nani. Wa pili amekuja ofisini na daftari lake. Wa tatu kaniandikia kwa namba ngeni wasapu: "Nimeona barua, nitumie akaunti hapa nilipe leo." Nimempigia kwenye namba iliyo kwenye faili. Inaita, hapokei. Sijatuma.