Programu ya kuoanisha stoo imeuza kamera moja kwa watu wawili

Mwenye uzi: Wanajamvi, nimekasirika na sitaficha. Ninauza dukani na katika masoko mawili ya mtandaoni, na ninalipia programu ya kuoanisha stoo kwa sababu moja tu: kipande cha mwisho kisiuzwe mara mbili. Jana nilibakiwa na kamera moja. Kumbukumbu za programu yenyewe zinaonyesha kuwa saa 4:00 asubuhi ilisoma stoo ya duka ikakuta 1. Saa 4:01 soko la kwanza likaiuza kamera hiyo na kushusha idadi hadi 0, kama inavyotakiwa. Saa 4:02 programu ikaliandikia soko hilohilo ile 1 iliyoisoma dakika mbili nyuma. Saa 4:09 mnunuzi wa pili akalipa. Oda zote mbili programu ilikuja kuzichukua saa 4:15. Nimemghairia oda mtu aliyekwisha kulipa, alama zangu za uuzaji zimeshuka, na wenye programu wananijibu kwamba nilichelewa kusasisha stoo. Nilichelewaje, ilhali soko lilikuwa na idadi sahihi na wao ndio walioiharibu?

Karani: Punguza muda wa kuoanisha kutoka dakika 15 hadi 1. Kwangu tatizo limeisha.

Fundi wa stoo: Limepungua, ndugu, halijaisha, kwa sababu hata ndani ya dakika moja wawili wanaweza kulipa. Kosa hapa ni mpangilio: oda zivutwe kwanza, zipunguzwe kwenye daftari moja, ndipo idadi itangazwe. Tena upunguzaji uwe na sharti:

```
UPDATE stoo SET idadi = idadi - 1
WHERE sku = 'KAM-07' AND idadi >= 1;
```

Ikiwa hakuna safu iliyobadilika, oda hiyo haina mzigo, na utaijua papo hapo badala ya kuigundua wakati wa kufungasha. Lakini soko humkubalia mnunuzi kabla ya kukuarifu, kwa hiyo sharti hilo halimzuii kulipa. Ukibakiwa na vipande 3, gawa kimoja dukani na kimoja kwa kila soko, na usikihamishe mpaka pale kilipotoka pathibitishe 0.

Muuza vipuri: Kwangu ni kinyume: oda moja ilighairiwa, stoo ikaongezeka kwa 2. Je, ni programu hiyohiyo?

Fundi wa stoo: Hilo ni jambo jingine. Arifa ileile huweza kufika mara mbili; programu ihifadhi namba ya kila arifa iliyokwisha kuishughulikia.

Mwenye uzi: Nimekuelewa, fundi, na kuhusu mpangilio nitawabana kwa kumbukumbu zao wenyewe. Ila bidhaa zangu nyingi huwa ni kipande kimoja tangu mwanzo. Nikikiweka sehemu moja, ninapoteza wanunuzi wa sehemu mbili nyingine, na ada ya kuoanisha masoko yote ninaendelea kuilipa kila mwezi. Mwenye vipande vimoja vimoja kama mimi, unaweka wapi?