Boksi au wima kwa polinomia ndefu? Kesho nanunua madaftari

Mwalimu_wa_Jioni
Wakuu, kesho naenda kununua madaftari dazeni mbili ya kikundi changu cha twisheni. Nikishika njia ya boksi kwa kuzidisha polinomia, nachukua ya viboksi. Nikihamia wima, ya mistari yanatosha, na bei yake ni nafuu. Nyie mnatumia ipi?

KipeoChaNne
Mbona hujasema kitu mkuu? Mabano yana vipande vingapi? Kuna kipeo kinachorukwa? Kama ni (x + 3)(x + 5) hata daftari huhitaji.

BabaZuu
Wima, basi. Ni kama kuzidisha namba za kawaida: ukipita tisa unabeba. Boksi ni michoro ya watoto.

Mwalimu_wa_Jioni
Kweli, nimeruka la maana. Tatizo lenyewe hili hapa: (2x³ − 5x + 3)(x² + 4x − 2). Jana niliwachorea boksi la tatu kwa tatu, nikawaambia wajumlishe kwa mshazari kama tulivyozoea. Karibu nusu wakaleta 2x⁴ + 3x³ − 21x² + 22x − 6. Nikahakiki kwa x = 1: mabano yanatoa 0, jibu linatoa 0. Nikapiga vema daftari baada ya daftari. Halafu binti mmoja wa nyuma, ambaye hafuati mshazari bali anatafuta x zinazofanana, akaleta jibu refu zaidi, nalo linatoa 0! Ilibidi nizunguke na kalamu nyekundu kufuta vema zangu huku wananicheka.

MamaPili
Boksi linasaidia sana. Wangu wa darasa la nne alikuwa hawezi 34 × 27. Akagawa 30 na 4, 20 na 7, akapata 600, 210, 80 na 28, jumla 918. Nunua ya viboksi.

KipeoChaNne
Mama, hizo ni namba, yeye anazungumzia x. Mwalimu, angalia mwanzo wa jibu lao. x³ mara x² ni x⁵, sasa x⁴ imetangulia vipi? Mabano ya kwanza hayana x². Mshazari unakusanya vya kufanana pale tu vipeo vinaposhuka kimoja kimoja. Kwenye boksi lako −5x³ na 8x⁴ zimekaa mshazari mmoja, wao wakaziunganisha kuwa 3. Weka 0x², boksi liwe la nne kwa tatu. Kwa wima, sifuri hiyo hiyo:

```
              2    0   -5    3
                   1    4   -2
-------------------------------
             -4    0   10   -6
         8    0  -20   12
    2    0   -5    3
-------------------------------
    2    8   -9  -17   22   -6
```

Yaani 2x⁵ + 8x⁴ − 9x³ − 17x² + 22x − 6. BabaZuu, angalia −17 na 22 zilivyokaa zima zima. Hapa hakuna kubeba, maana x kumi hazigeuki kuwa x² moja.

Mwalimu_wa_Jioni
Na x = 1 ilinidanganyaje?

KipeoChaNne
Ukiweka 1, kila kipeo cha x kinakuwa 1, kwa hiyo unajumlisha namba za mbele tu. Ile 8 ikae kwenye x⁴ au x³, jumla ni ile ile. Kosa la kuhama safu halionekani hapo. Weka 2: mabano yanatoa 9 × 10 = 90. Jibu sahihi linatoa 90, lile la vijana wako linatoa 10.

BabaZuu
Sawa, kubeba nimekosea. Lakini vipande vitano kwa vinne ni vyumba ishirini. Nani anachora hivyo kwenye mtihani? Wima ni mistari minne na jumla.

Shangazi_Hesabu
Kuzidisha ni mara ishirini kotekote, usidanganyike na mistari. Mimi nabaki na boksi kwa sababu kila chumba kina x yake, ndiyo maana yule binti alipona. Wima ya namba tupu ukisahau sifuri hakuna cha kukushtua.

BabaZuu
Na hilo boksi mnasema ni eneo. Eneo la −20x² umeliona shamba gani?

Shangazi_Hesabu
Ukikata kipande cha shamba hupunguzi eneo? (10 − 2) mara 5: unatoa 10 kwenye 50.

BabaZuu
Hapo umetoa upande mmoja. Hasi mara hasi je? Unakata kilichokwisha kukatwa?

Shangazi_Hesabu
Unarudisha kona uliyoikata mara mbili. Chora (10 − 2)(10 − 3) uone ile 6.

MamaPili
Madaftari ya viboksi hapa kwetu yamepanda bei. Chukua ya mistari uyalaze ubavu, mistari inakuwa safu za wima. Wangu ndivyo anavyofanya.

Mwalimu_wa_Jioni
Kuyalaza ubavu sikuwaza! Basi nichukue dazeni moja moja? Na yale ya kurasa 96 au 200?